Ukucha ukizama kwenye nyama: Kwa nini kuchimba pembe kunakurudisha pale pale

Mtu akishuka na kiroba cha karoti kutoka mashamba ya juu kuelekea soko la Lukozi, wilayani Lushoto, mzigo uko mgongoni lakini uzito unaishia kwenye vidole vya miguu. Kila hatua ya mteremko inausukuma mguu mbele ndani ya gambuti, na kidole gumba ndicho kinachogonga mpira kwanza.

Kama ukucha wa kidole hicho umeanza kuingia kwenye nyama, safari ya nusu saa inakuwa ya saa nzima. Wengi wanafanya jambo moja wakifika nyumbani: wanachukua wembe, wanachimba pembe ya ukucha, wanatoa kipande, maumivu yanapungua. Baada ya wiki tatu hivi yanarudi, na safari hii ni makali zaidi.

Tatizo hili linaonekana dogo, lakini linaweza kumweka mkulima au mtembeza watalii nyumbani kwa wiki kadhaa. Kwa mwenye kisukari linaweza kumgharimu kidole, hata mguu. Habari njema ni kwamba likiwahiwa, mara nyingi linaisha kwa beseni la maji, subira na namna sahihi ya kukata kucha. Sehemu ngumu ni hiyo subira.

Kinachotokea ndani ya kidole

Ukucha hauoti kutoka mbele. Unatengenezwa kwenye mzizi uliofichwa chini ya ngozi, nyuma ya ule mwezi mweupe, kisha unasukumwa mbele taratibu. Sehemu ngumu unayoiona haina uhai. Ndiyo maana ukiikata haiumi.

Pande zote mbili za ukucha kuna nyama iliyoinuka kidogo, kama kingo za mfereji. Ukucha ukiwa mzima na pembe zake ziko nje, unateleza mbele juu ya nyama hiyo bila kuichoma.

Sasa mtu anapokata pembe kwa kuizungusha, kama anavyokata kucha za mkono, nyama ya pembeni inakosa kitu cha kuizuia. Inajaa pale palipokuwa na ukucha. Kiatu kinaibana, inazidi kusogea. Ukucha unapokua tena kuja mbele, unakuta njia imefungwa na unaingia ndani ya nyama badala ya kupita juu yake.

Kuna kosa lingine baya zaidi. Wembe au mkasi mdogo ukichimba kwenye kona, mara nyingi haufiki mwisho wa pembe. Unaacha kipande chembamba chenye ncha, kama mwiba, kimejificha chini ya nyama. Kwa macho inaonekana pembe imetoka yote, lakini mwiba umebaki na unaendelea kusukumwa mbele kila siku.

Mwili unauona mwiba huo kama ungeuona mwiba wa mti. Kidole kinavimba, kinakuwa chekundu au cheusi kuliko kawaida, na kinapata moto. Ngozi ikishatoboka, vijidudu vinapata mlango na usaha unaanza.

Hesabu ambayo wengi hawaifanyi

Ukucha wa kidole gumba cha mguu unakua polepole sana, wastani wa milimita moja na nusu hivi kwa mwezi. Kuota upya wote, toka mzizi hadi ncha, unachukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Chukua mfano wa kijana anayebeba mboga hapo Lukozi. Mwezi Machi, mvua za masika zikianza, kidole gumba cha kulia kinaanza kumuuma upande wa ndani. Hakuna usaha, ni uvimbe kidogo tu. Anachimba kwa wembe. Mwisho wa ukucha sasa uko milimita 3 nyuma ya ukingo wa nyama.

Ili pembe ile itoke nje salama, inahitaji kusafiri milimita hizo 3. Kwa mwendo wa milimita moja na nusu kwa mwezi, ni miezi miwili. Akiongeza kidogo ili ivuke kabisa ukingo wa nyama, inakaribia miezi mitatu.

Lakini baada ya wiki tatu ukucha umesogea milimita moja tu, na uko katikati ya nyama. Hapo ndipo maumivu yanarudi. Jirani anamwambia, "Chimba tu mwanangu, itatoka." Anachimba, anapata nafuu siku nne, na amejirudisha mwanzo wa safari.

Mwezi Aprili anarudia. Mwezi Mei anarudia tena. Kila mara anakata kwa kina zaidi, na kila mara nyama inajaa zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kuteseka mwaka mzima na ukucha uleule, akiamini ana "kucha mbaya", kumbe anaukata kila unapokaribia kutoka.

Kwa hiyo kazi yote ya matibabu ya nyumbani ni moja: kuituliza nyama ya pembeni kwa muda wa kutosha ili pembe ipite juu yake. Maji ya uvuguvugu hayanyooshi ukucha wala hayauyeyushi. Yanakununulia muda.

Beseni: namna ya kuloweka

Kuloweka ni kwa kidole kinachouma na kuvimba kidogo, bila usaha, kwa mtu asiye na kisukari wala ganzi miguuni. Kama hauko kwenye kundi hilo, ruka hadi sehemu ya dalili.

Tafuta beseni safi ambalo mguu unaingia vizuri. Weka maji ya uvuguvugu, lita mbili hivi, yafunike vidole vyote. Pima joto kwa kiwiko, si kwa vidole vya mkono vilivyozoea sufuria. Kiwiko kikistahimili bila kushtuka, maji yanafaa. Asubuhi za Lushoto ni za baridi na kishawishi cha kuweka maji ya moto ni kikubwa, lakini maji ya moto yanaunguza na kuongeza uvimbe.

Ongeza chumvi ya kawaida ya jikoni, kijiko kimoja cha chakula kinatosha. Kama huna chumvi, sabuni kidogo ya kuogea inafaa pia. Usiweke dawa ya kufulia, spiriti wala dawa nyingine kali ya kuua vijidudu. Zinaunguza nyama ambayo tayari ina kidonda.

Loweka dakika 15 hadi 20, mara 3 kwa siku. Kwa mtu wa shamba, ratiba inayowezekana ni kabla ya kutoka asubuhi, akirudi, na kabla ya kulala. Ngozi ikishalainika, tumia kidole safi au kijiti chenye pamba kuisukuma nyama ya pembeni taratibu iachane na ukucha. Unaisukuma nyama tu. Ukucha hauguswi. Ikiuma sana, acha.

Kisha kausha vizuri, hasa katikati ya vidole, kwa kitambaa safi. Hatua hii inarukwa sana. Mguu ukiingia kwenye gambuti ukiwa na unyevu, ngozi inabaki laini kama ya mtu aliyefua nguo kutwa, na ukucha unaichoma kirahisi. Paka mafuta ya mgando kidogo pembeni mwa ukucha na, kama unaweza, shinda na ndala.

Wengine wanasaidiwa na kipande kidogo cha pamba kilichosokotwa kama uzi na kuwekwa chini ya pembe ya ukucha, ili ukucha unyanyuke juu ya nyama. Kinafaa tu kama pembe inaonekana, hakuna usaha, na pamba inaingia bila kulazimishwa. Kinabadilishwa kila siku baada ya kuloweka. Pamba ikikaa siku kadhaa, inageuka nyumba ya vijidudu.

Kwa maumivu, panado inatosha kwa watu wengi, kwa kufuata maelezo ya kwenye pakiti.

Unajuaje kama inafanya kazi?

Siku ya tatu, maumivu ya kubonyeza yanatakiwa yawe yamepungua. Siku ya tano, uvimbe unatakiwa uwe umeshuka na uweze kuvaa kiatu cha wazi bila kuchechemea. Hapo unapunguza kuloweka hadi mara moja kwa siku na kuendelea kuisukuma nyama, wiki baada ya wiki, hadi pembe itokeze.

Ikiwa siku ya tano hali ni ileile, au imezidi, beseni limeshindwa. Kuendelea kuloweka wiki ya pili na ya tatu ni kujichelewesha.

Vitu vinavyoharibu

La kwanza ni unga wa kapsuli. Kumwaga "rangi mbili" juu ya kidonda ni tabia ya kila mahali, mjini na kijijini. Unga huo haukutengenezwa kwa ajili ya kidonda. Unaganda, unafunika usaha, na mtu anadhani kidonda kimekauka wakati chini kinaendelea.

Hata vidonge vya antibayotiki vyenyewe haviwezi kumaliza tatizo peke yake. Ni kama kutibu mguu uliochomwa na mwiba huku mwiba ukiwa umeachwa ndani. Vitapunguza maambukizi kwa siku kadhaa, kisha yatarudi kwa sababu ukucha bado uko pale pale.

La pili ni majivu, ugoro, dawa ya meno au mafuta ya taa. Hakuna kinachofika kwenye mwiba wa ukucha. Vinachafua kidonda au kukiunguza.

La tatu ni kukata alama ya V katikati ya ukucha, kwa imani kwamba kingo zitavutwa kuelekea katikati. Ukucha unaanzia kwenye mzizi, na sehemu unayoikata haina uhai. Haiwezi kuvuta kitu.

Kukata kucha: mstari, si duara

Ukucha wa kidole gumba cha mguu unakatwa kwa mstari ulionyooka, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Unaacha sehemu nyeupe ndogo mbele, kama milimita 1 au 2. Kipimo rahisi ni hiki: ukimaliza, pembe zote mbili zionekane kwa macho zikiwa juu ya nyama. Kama unahitaji kuifungua nyama ili uione pembe, umekata sana.

Kata baada ya kuoga au kuloweka, ukucha ukiwa laini, mahali penye mwanga. Tumia kikatia kucha kikubwa cha miguu au mkasi imara. Vikatia vidogo vya mkono vina mdomo uliopinda, na ule mpindo ndio unaokata duara bila wewe kutaka. Kama ndicho ulichonacho, kata kwa vipande vidogo vidogo, ukianzia upande mmoja kwenda mwingine, badala ya kubana ukucha wote kwa mara moja.

Pembe ikiwa kali, isuguliwe kwa tupa ya kucha au msasa laini, kuelekea upande mmoja, hadi isikwaruze soksi. Unaondoa ukali tu na pembe inabaki.

Wembe uachwe kwa kazi nyingine. Unateleza, unaacha ncha, na familia nyingi zinautumia mmoja kwa watu wote. Kuchana ukucha kwa vidole ni hatari vilevile, maana mchano unakimbilia kwenye kona na kuacha mwiba uleule.

Kwa kuwa ukucha huu unakua polepole, kuukata kila wiki hakuna sababu. Kwa watu wengi, mara moja kwa wiki 6 hivi inatosha.

Na kwa wanaosafishwa kucha na wale vijana wanaozunguka na vifaa mitaani, kuna maneno mawili ya kuwaambia kabla hawajaanza: "usichimbe pembe". Ukiwa na vifaa vyako mwenyewe ni bora zaidi, kwa sababu kifaa kimoja kinapita kwenye miguu ya watu wengi kwa siku.

Mteremko na kiatu

Kuna sababu ya watu wa milimani kulijua tatizo hili. Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na vijiji vingi vimekaa juu ya mabonde ambako mboga zinalimwa. Kwenda shamba, shuleni au sokoni ni kupanda na kushuka. Watembeza watalii wanaotoka Lushoto kwenda Mtae kwa miguu wanashuka na kupanda siku kadhaa mfululizo.

Kupanda hakuumizi sana kidole. Kushuka ndiko kunakosukuma mguu mbele. Kiatu kikiwa kifupi, kidole kinagonga kila hatua. Kikiwa kikubwa mno, mguu unateleza ndani na kugonga vilevile. Hata kiatu sahihi kikiwa na kamba zilizolegea kinafanya hivyo.

Kwa viatu vya mtumba kuna njia rahisi ya kupima. Toa soli ya ndani ya kiatu, iweke chini, simama juu yake kwa uzito wote, kisigino kikiwa mwisho kabisa. Mbele ya kidole kirefu zaidi ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Upande wa vidole, nyama isimwagike nje ya soli. Fanya hivyo jioni, kwa sababu miguu inavimba kidogo kutwa.

Kabla ya kuanza mteremko, kaza kamba za raba au buti sehemu ya juu, karibu na kifundo, ili kisigino kikae nyuma. Kwa gambuti lisilo na kamba, soksi nene kavu inapunguza kuteleza, na jozi ya pili ya soksi ya kubadilisha mchana inasaidia kuliko dawa nyingi.

Wazazi pia waangalie viatu vyeusi vya shule. Mtoto anakua, kiatu hakikui. Kijana wa sekondari anayechechemea anaweza kuwa amevaa kiatu cha mwaka jana.

Dalili zinazosema: acha beseni, nenda zahanati

Turudi kwa kijana wa Lukozi. Mwishoni mwa Mei, baada ya kuchimba mara ya tatu, mambo yamebadilika. Kuna usaha pembeni mwa ukucha. Nyama nyekundu, laini, yenye unyevu imeota juu ya ukingo na inatoka damu ikiguswa na soksi. Usiku kidole kinapiga kama moyo.

Hiyo nyama nyekundu watu wanaiita "nyama mbaya" na wanajaribu kuikata au kuiunguza. Ni jaribio la mwili kuziba kidonda ambacho hakiwezi kuziba kwa sababu ukucha umo ndani yake. Ikishaota, nafasi ya beseni kufanikiwa peke yake ni ndogo. Kijana huyu anatakiwa aende zahanati au kituo cha afya ndani ya siku moja au mbili.

Zipo dalili ambazo hazisubiri hata kesho. Wekundu au weusi wa uvimbe unapovuka kidole na kupanda juu ya mguu. Mstari unaopanda kuelekea kwenye kifundo. Mitoki, yaani uvimbe unaouma kwenye kinena. Homa au kutetemeka. Kidole kugeuka cheusi na kuwa baridi. Hizi zinaonyesha maambukizi yametoka kidoleni au damu haifiki vizuri, na mtu aende siku hiyohiyo, hata kama ni kwa bodaboda usiku.

Ngozi nyeusi inaweza kuuficha wekundu. Kwa hiyo usitegemee rangi peke yake. Linganisha miguu yote miwili: upi una joto zaidi, upi ngozi yake imevutika na kung'aa, upi unauma ukibonyezwa mbali na ukucha.

Lipo pia kundi la watu ambao kwao beseni halianzi kabisa. Mwenye kisukari, mwenye ganzi miguuni, mwenye matatizo ya mzunguko wa damu, na mwenye kinga dhaifu ya mwili. Kama mama wa kijana yuleyule ana kisukari na anapata ukucha uleule, njia yao si moja. Miguu yake inaweza isihisi joto la maji, akaungua bila kujua. Inaweza isihisi maumivu, akatembea juu ya usaha wiki nzima. Yeye aende kliniki siku ya kwanza, hata kama anasema, "Haliniumi sana." Kutouma ndiyo hatari yenyewe.

Jambo la mwisho hapa ni pepopunda. Vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na samadi, vitu ambavyo mkulima anavikanyaga kila siku. Wanawake wengi wamepata chanjo hii wakati wa ujauzito. Wanaume wengi wazima hawakumbuki mara ya mwisho kuchanjwa. Ukifika na kidonda cha kidole, sema wazi kwamba unafanya kazi shambani na hukumbuki chanjo yako.

Huko zahanati watafanya nini?

Hofu ya kung'olewa ukucha mzima ndiyo inayowafanya wengi wabaki na wembe wao. Ni vizuri kujua kwamba kwa kawaida hakuna haja ya kuutoa wote.

Kama ni mapema, mhudumu anaweza kusafisha, kuinua pembe na kukupa maelekezo ya kurudi. Kama usaha umefungiwa, utatolewa. Kama maambukizi yanasambaa, utapewa antibayotiki na kipimo chake.

Kwa ukucha uliozama sana au unaorudi rudi, kuna upasuaji mdogo. Si kila zahanati ina vifaa vyake, kwa hiyo unaweza kupewa rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Unachomwa sindano ya ganzi pande mbili kwenye shina la kidole. Sindano hiyo ndiyo sehemu inayouma. Baada ya dakika chache kidole hakisikii kitu.

Kisha kinakatwa kipande chembamba cha ukucha upande unaosumbua, kwa urefu, kutoka mbele hadi kwenye mzizi, na kutolewa. Sehemu kubwa ya ukucha inabaki. Mara nyingi sehemu ile ya mzizi inapakwa dawa iitwayo fenoli ili upande huo usiote tena. Bila kuzuia mzizi, uwezekano wa tatizo kurudi ni mkubwa zaidi. Ni haki ya mgonjwa kuuliza kabla ya kuanza: "Mtatoa upande tu au wote? Na mzizi mtaufanyaje?"

Kabla ya hapo, taja kama una kisukari, kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, na kama umewahi kupata shida na sindano ya ganzi, hata ile ya kung'oa jino.

Panga safari ya kurudi mapema. Ganzi inakaa saa kadhaa, na kutembea mteremko mrefu na kidole kisichohisi ni kujitafutia jeraha. Nenda na ndala au kiatu cha wazi, na fedha ya usafiri. Ukifika nyumbani, inua mguu juu ya mto siku hiyo. Kidonda kinaweza kutoa majimaji kwa wiki kadhaa, hasa kama fenoli ilitumika, na hilo ni la kawaida. Harufu mbaya, usaha mzito, au maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua si kawaida. Rudi.

Si kila kidole kinachouma ni ukucha

Funza naye anapenda pembeni mwa kucha. Yeye anawasha kabla ya kuuma, na anaonekana kama kivimbe cheupe chenye kitone cheusi katikati. Kumtibu kwa beseni la ukucha ni kupoteza siku.

Lingine ni doa au mstari mweusi chini ya ukucha. Likitokana na kugonga jiwe, litasogea mbele na ukucha miezi ikienda. Likikaa pale pale, likipanuka, au likiingia kwenye ngozi inayouzunguka ukucha, linahitaji daktari. Mwanamuziki Bob Marley alipatwa na kidonda cha kidole gumba kilichohusishwa na mpira wa miguu, na mwaka 1977 ikagundulika ni saratani ya ngozi chini ya ukucha. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Saratani hiyo ni nadra, lakini kwa watu weusi miguu na kucha ni miongoni mwa sehemu inakojitokeza zaidi.

Miezi mitatu iliyopotea

Kijana wa Lukozi angeweza kumaliza habari hii mapema. Mwezi Machi, kidole kilipoanza kuuma bila usaha, siku tano za beseni, ndala na soksi kavu pengine zingetuliza nyama. Baada ya hapo, kazi ingekuwa kuisukuma nyama kila jioni na kuuacha wembe kwenye pakiti yake. Kufikia mwisho wa Mei, pembe ingekuwa imetokeza na angeikata kwa mstari.

Badala yake, Mei imemkuta na usaha, na sasa kinachomfaa ni sindano ya ganzi na kipande cha ukucha kutolewa upande mmoja. Atapona, akienda sasa. Kosa pekee lililobaki mbele yake ni kuchimba mara ya nne.